Mbu wa ukutani: msome tumbo, kisha mtunze hadi atage

Ukikamata mbu jike wa anofelesi asubuhi kwenye kuta za nyumba za Mikindani au Lindi mjini, tazama tumbo lake kabla ya kumtia kikombeni. Aliyenyonya usiku huo ana tumbo jekundu lililotuna. Kesho yake damu inakuwa nyeusi na weupe unaanza kuonekana nyuma. Baadaye tumbo karibu lote huwa jeupe: hayo ni mayai.

Damu anayobeba ni kama miligramu 2 hadi 3 tu. Akiwa bado ananyonya hudondosha vitone kwa nyuma. Usidhani ameumia, anapunguza maji ya damu ili nafasi ibaki kwa protini.

Katika saa zinazofuata, ukuta wa utumbo wa kati hutengeneza utando wa peritrofiki, wa protini na kitini, ile dutu ngumu ya magamba ya wadudu, unaoifunga damu yote kama mfuko. Kimeng'enya cha tripsini hupita kwenda ndani, na protini iliyokatwa vipande vidogo hupita kutoka. Utando huo pia hushika sehemu ya himu, yaani kiungo chenye chuma cha damu, ambayo ikiachwa huru hudhuru seli za utumbo. Unaweza kuuhakiki mwenyewe chini ya hadubini: vuta utumbo kwenye tone la maji ya chumvi, kisha upasue taratibu. Kwa mbu aliyenyonya saa mbili zilizopita damu humwagika na kutawanyika. Kwa mbu aliyenyonya siku moja iliyopita hutoka donge zima lililoshika umbo lake.

Asidi amino zinazotokana na donge hilo huenda kwenye tishu ya mafuta, inayotengeneza vitelojenini, protini ya kiini cha yai. Ndiyo maana maji ya sukari peke yake humweka hai lakini hayampi mayai.

Kumtunza, tumia kikombe cha karatasi kilichofunikwa chandarua, juu yake pamba yenye sukari gramu 10 kwa mililita 100 za maji. Funika kwa taulo mbichi, weka mbali na joto la bati, na simamisha miguu ya meza kwenye vikopo vya maji, kwani sisimizi humaliza kazi usiku mmoja. Tumbo likishakuwa jeupe, mpe karatasi ya kuchujia iliyolowa, mahali penye giza.

Asipotaga, rudi kwenye rekodi ya siku ya kwanza. Ikiwa tumbo lilikuwa jekundu nusu tu, huenda protini haikutosha. Anopheles gambiae mdogo wa umbo, aliyenyonya kwa mara ya kwanza, mara nyingi hutumia mlo huo kujijenga mwenyewe na huhitaji mlo wa pili ndipo mayai yakue. Huyo usimwandike kuwa tasa. Na kwa waliokamatwa Newala mwezi Juni au Julai, ongeza siku moja au zaidi ya kusubiri, kwa sababu baridi ya uwanda ule wa juu huchelewesha usagaji wa damu na ukuaji wa mayai pia.