Chupa ikielea, iwe na sababu ya kuelea

Wiki iliyopita kijana mmoja mbunifu wa Mwanza alinitumia ujumbe: "Kaka, kila nikiielesha bidhaa hewani inaonekana imebandikwa. Nakosea wapi?" Ujumbe ulinikuta nimetoka kubandika bango la mafuta ya nazi dukani kwa mteja wangu hapa Dar, na bado nilikuwa na furaha yake. Nikaona badala ya kumjibu peke yake, niwajibu wote.

Nianze na aibu niliyoibeba karibu miaka miwili. Mteja wa juisi ya ukwaju aliniambia nimfanyie kitu cha ndotoni. Nikajituma kweli. Chupa ikaelea mawinguni, chini yake visiwa vidogo, tembo anapita juu ya wingu, maputo, na samaki wanaoruka. Usiku tatu sikulala. Nilipomwonyesha, mbele ya wafanyakazi wake, aliangalia kidogo akasema: "Nimekulipa uniuzie juisi, wewe umeniuzia mawingu." Akalipa nusu, na sikumwona tena. Iliniuma sana, na kwa muda mrefu nilijiambia kwamba hakuelewa sanaa. Leo nasema wazi kwamba alikuwa sahihi, ingawa hakuwa na haja ya kulisema mbele za watu.

Faili lile ninalo mpaka leo, na nikilifungua naona makosa mawili makubwa. La kwanza, chupa ilielea bila sababu. Ungeitoa ukaweka sabuni au simu, picha ingebaki ileile. La pili ni la macho. Chupa niliipiga picha ikiwa mezani, nimesimama, kwa hiyo juu ya kifuniko chake panaonekana. Halafu nikaipandisha angani, juu kabisa ya upeo wa macho. Kitu kilicho juu ya usawa wa macho yako huonyesha kitako chake, hakionyeshi kichwa. Mtazamaji hajui kanuni hiyo, lakini amekuwa akiangalia vitu vilivyo juu yake tangu utotoni. Anahisi tu kwamba kuna uongo, anasema "imebandikwa". Kijana wangu wa Mwanza, nimeziangalia picha zako tatu. Mbili zina ugonjwa huu.

Sasa mafuta ya nazi. Huyu mama tulikaa naye saa nzima akinieleza kazi yake. Wengi huchemsha tui mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge. Yeye anakamua bila kuyapitisha jikoni. Katika maongezi yale neno "bila moto" alilisema mara nne, tano. Nilipofika nyumbani nikaandika maneno hayo mawili kwenye karatasi na kukataa kuchora kitu kingine chochote. Picha ikaja yenyewe: mafiga matatu uani, safi, hayana jivu wala kuni, na pale ambapo sufuria ingekaa, chupa imeelea hewani haijagusa jiwe lolote. Chini maneno mawili: Haikugusa moto.

Hapo kuelea ndiko kunakosema habari ya bidhaa. Na ajabu ni moja tu. Mafiga ni ya kweli, udongo ni wa kweli, ukuta wa nyuma ni wa kweli. Ukiweka maajabu matano, hakuna hata moja linaloshangaza, na jicho linapotea njia kabla ya kuifikia lebo. Ndugu zangu, acheni kurundika! Naliona kosa hili kila siku kwenye kazi za vijana wenye vipaji vikubwa, na linanisikitisha kwa sababu najua lilinigharimu nini.

Upigaji wenyewe. Mafuta ya nazi yakiwa kimiminika ni angavu kama maji, na chupa ni ya kioo. Chupa ya duara iliyojaa kimiminika ni lenzi: kilicho nyuma yake unakiona ndani kimegeuka, cha kushoto kiko kulia. Ukiipiga studio halafu ukaikata na kuihamisha, ndani yake inabeba studio. Kwa hiyo niliamua kuitundika kweli. Nilifunga mshipi wa kuvulia shingoni mwa chupa, nyuzi mbili zinazopanuka kwenda juu kwenye mti wa kuanikia nguo, kwa sababu uzi mmoja unaiacha izunguke na lebo inageuka pembeni. Kamera kwenye stendi, chini kidogo ya kitako cha chupa. Picha moja na chupa, nyingine ya mahali patupu bila kugusa kamera. Kwenye Photoshop unaweka ya pili chini ya ya kwanza, unafuta mshipi, unabaki na nyuma halisi.

Siku ya kwanza nilipiga saa kumi jioni kwa kupenda mwanga wa dhahabu. Nikarudi nyumbani, nikafungua picha, na chupa iliyokuwa inaning'inia kweli ilionekana imebandikwa! Nilikaa nayo mpaka usiku ndipo nikaelewa. Jua lilikuwa limeshuka, chupa iko kama sentimita 70 kutoka ardhini, kivuli chake kikaangukia mita nzima pembeni, nje ya picha. Chupa isiyo na kivuli haina mahali. Kesho yake nikarudi saa nane mchana. Kivuli kikaangukia karibu nusu ya kimo hicho, ndani ya fremu, kimeachana na chupa, na ile nafasi kati yao ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba kitu kimeelea na kimeelea juu kiasi gani.

Kiangalieni kivuli hicho kwa karibu. Kingo zake zimelegea kidogo, kama milimita saba hivi, kwa sababu jua si nukta, lina upana wake, na kadiri kitu kinavyopanda ndivyo ukingo unavyolegea. Katikati ya kivuli kuna mwanga hafifu uliopenya kwenye mafuta. Mteja alitaka niufute, akidhani ni kosa. Nikamwomba auache, kwa sababu mwanga ule ndio unaothibitisha kwamba ndani ya chupa kuna kitu cha kupitisha nuru. Ukilazimika kutengeneza kivuli kwa mkono, weka leya yake kwenye Multiply, na usikifanye cheusi tupu. Kivuli cha mchana uani kina rangi ya udongo.

Lebo nayo. Niliinamisha chupa kidogo sana, kiasi cha kuonekana haijasimama juu ya kitu. Ile ya ukwaju niliilaza karibu nusu, jina likawa halisomeki. Na kwenye duara ni theluthi ya katikati tu ya upande unaokutazama inayosomeka vizuri, kingo zinajikunja, kwa hiyo jina likae hapo. Kabla ya kuchapa niliipunguza picha mpaka upana wa kidole gumba kwenye simu, nikampa dada muuza vitumbua pale mtaani na kumuuliza wanauza nini hapa. Sikumuuliza kama ni nzuri. Akasema: "Mafuta. Ya nazi, hayajapikwa." Nilitaka kumkumbatia.

Bango likachapwa ukubwa wa A2, limekaa dukani wiki ya pili sasa. Mama anataka lingine la Arusha, na hapo kuna kazi mpya, maana mafuta ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Arusha mwezi wa saba yatakuwa meupe kama samli rafuni. Bango la chupa angavu litamfanya mnunuzi wa kule ahisi amepewa kitu kingine. Kwa hiyo nitayagandisha kwenye friji na kupiga haraka jua likiwa juu, kabla joto la Dar halijayayeyusha mshipini. Nitakuwa na muda mfupi tu, na ule mwanga kwenye kivuli hautakuwepo.