Ukitengeneza ukurasa wa mbele wa gazeti la kuigiza kuhusu Mkataba wa Versailles, anza na kile mhariri alichokuwa anakijua

Kila mwaka nawasimamia wanafunzi wa historia kwenye kazi ya kutengeneza ukurasa wa mbele wa gazeti la zamani, na mkataba unaochaguliwa kuliko yote ni wa Versailles, 28 Juni 1919. Karibu kila ukurasa wa kwanza unaoletwa mezani kwangu una kichwa kama hiki: "MKATABA WA VERSAILLES WAMALIZA VITA YA KWANZA YA DUNIA, UINGEREZA YAPEWA TANGANYIKA". Kinapendeza macho ila ukikigusa kinaanguka chote, na ukishaelewa kwa nini kinaanguka basi kazi nyingine yote inakuwa rahisi.

Tukianzia na "Vita ya Kwanza", mwaka 1919 nani angeiita ya kwanza wakati ya pili haipo? Watu waliita Vita Kuu. Halafu mkataba haukusimamisha mapigano, bunduki zilinyamaza Ulaya tangu 11 Novemba 1918, na huku kwetu kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, alisalimisha silaha Abercorn, Mbala ya leo huko Zambia, 25 Novemba, maana habari ilichelewa kumfikia. Kilichofanyika Juni ni kufunga amani, tena na Mjerumani peke yake, Austria ilisaini wa kwake Septemba na Uturuki ikasubiri hadi 1920. Jina Tanganyika nalo halikuwepo, Waingereza walilianzisha 1920. Alafu hapo kwenye "yapewa" ndipo wengi hawashtuki kabisa: kifungu cha 119 kinasema Ujerumani inaacha haki zake zote kwenye makoloni yake kwa mataifa makubwa yaliyoshinda, hakimtaji Mwingereza. Kwamba Mwingereza ndiye angesimamia nchi hii waliamua wakubwa wenyewe Paris mwezi Mei, na Wabelgiji wakalalamika kwa sababu askari wao walikuwa wamekaa Ruanda na Urundi.

Kwahiyo ushauri wangu, kabla hujagusa kompyuta wala manila, amua gazeti lako linatoka wapi na tarehe gani, kisha chora mstari: kila kilichotokea baada ya usiku ule mhariri hakijui. Mimi hupenda wachague Dar es Salaam, Jumatatu 30 Juni 1919. Saini ziliwekwa Jumamosi alasiri, saa tisa na dakika chache kwa saa za kule, habari ikaja kwa waya, kwahiyo Jumatatu inaingia akilini. Usiweke picha ya ukumbini, picha isingefika kutoka Ufaransa kwa siku mbili, weka ramani au maandishi tu. Bei iandike kwa rupia na senti maana shilingi ilikuwa bado. Jina la gazeti tunga lako, usichukue Mambo Leo, hilo lilianza 1923, na Kiongozi lililokuwa linachapwa Tanga enzi za Mjerumani lilikufa na vita.

Sasa sauti. Dar ya 1919 iko chini ya jeshi na utawala wa Kiingereza, gazeti haliwezi kuandika "wakoloni wagawana Afrika", hayo ni maneno yetu sisi wa leo. Huyo mhariri anawaita Wajerumani Wadachi, anaandika kwa heshima kuhusu Serikali, na anajua wasomaji wake wamechoka. Kichwa kinakuwa hivi:

WADACHI WATIA SAINI
Amani yafungwa Versailles siku ya Jumamosi
Waacha makoloni yao yote

Na aya ya kwanza tuliyoifanyia kazi pamoja mpaka ikakaa sawa:

"Simu kutoka London yatujulisha kuwa siku ya Jumamosi alasiri wajumbe wa Wadachi, Bwana Müller na Bwana Bell, walitia saini mkataba wa amani katika Ukumbi wa Vioo, Versailles, mbele ya Bwana Clemenceau, waziri mkuu wa Wafaransa. Ni ukumbi uleule ambamo Wadachi walitangaza dola yao mwaka 1871. Siku yenyewe imetimiza miaka mitano kamili tangu kuuawa kwa mrithi wa kiti cha Austria mjini Sarajevo. Wajumbe wa China hawakuhudhuria."

Angalia hakuna neno Hitler humo, hakuna "mkataba huu utaleta vita nyingine". Wanafunzi hupenda sana kumpa mhariri utabiri, na hicho ndicho kitu cha kwanza mimi nakitafuta nikisahihisha. Fidia nayo usiandike bilioni 132 za marki za dhahabu, hesabu hiyo ilitoka 1921, siku ya kusaini jumla ilikuwa haijapangwa. Andika kwamba Wadachi wamekubali kulipa na kamati itasema kiasi gani. Kama unataka namba kuna ambazo zimo kwenye mkataba wenyewe, mfano jeshi lao lisizidi watu 100,000.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni kifungu cha 246, na wengi wanasoma Versailles miaka yote bila kukutana nacho. Kinasema ndani ya miezi sita tangu mkataba uanze kutumika, Ujerumani imrudishie Mfalme wa Hijazi msahafu wa Khalifa Othman ambao Waturuki waliuondoa Madina na inasemekana ulipewa Kaizari Wilhelm, na ndani ya muda huohuo ikabidhi kwa serikali ya Mwingereza fuvu la Sultani Mkwawa lililochukuliwa Afrika Mashariki. Hebu fikiria msomaji wa Dar au Unguja siku ile, Ramadhani ya 1337 ndiyo inaishia siku hizohizo, watu wako kwenye pilika za Idi, halafu anasoma msahafu wa Othman uko kwenye mkataba wa Wazungu! Kwa gazeti la London hiyo habari ingeingia ndani ndani huko, kwa gazeti la Dar ni ya ukurasa wa mbele, kisanduku chake peke yake upande wa kulia. Mtazamo wa wakati na mahali unaonekana hapo, kwenye kuamua habari ipi iwe kubwa, kabla hata ya maneno. Ila usiandike kwamba fuvu limerudi, lilirudi Kalenga 1954.

Kuna wanaoniuliza, sasa wapagazi tunawaweka wapi, maana wao ndio waliokufa kwa wingi kwenye vita hii huku kwetu na mkataba hauwataji. Waweke, lakini kwa njia ambayo gazeti la siku zile lingeruhusu: barua fupi ya msomaji anayeuliza ndugu yake aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na mpaka leo hajarudi, au habari ya njaa ya Ugogo ambayo Juni 1919 bado ilikuwa inaua watu. Mistari sita inatosha kabisa, na inauma kuliko hotuba.

Chini kabisa acha safu nyembamba ya mambo yanayosubiriwa: mabunge bado hayajaidhinisha, mkataba haujaanza kutumika (ulianza 10 Januari 1920, ila hilo libaki kwenye daftari lako), nchi hii itaitwaje, mpaka na Wabelgiji utapita wapi, Wadachi watalipa kiasi gani. Yaandike yote kama maswali au kwa "yasemekana".