Seva ilizimika kwa saa 4, na hakuna mzazi aliyepiga simu

Jumatano iliyopita seva ninayowekea mfumo wa ada ilizimika kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Ndani ya muda huo wazazi 38 walilipa ada kwa simu. Saa 9 na dakika 10 malipo yote 38 yalikuwa yameshasomeka kwenye akaunti za wanafunzi, na mhasibu wa shule hakujua hata kama kulikuwa na tatizo. Jioni nilimsimulia mke wangu, akaniuliza, "Kwa hiyo furaha yote hii ni kwa sababu hakuna kilichotokea?"

Ndiyo, mama. Hakuna kilichotokea, na nilikitolea jasho.

Miaka miwili nyuma, Januari, wiki ya kufungua shule, mfumo huu ulitegemea webhuku peke yake. Mzazi akilipa, kampuni ya malipo inatuma ujumbe kwenye anwani ya seva yangu, nami naandika ada imepokelewa. Ijumaa usiku logi zikajaza diski, Postgres ikakataa kuandika, na programu yangu ikawa inajibu kosa 500 kwa kila ujumbe. Kampuni ilijaribu tena mara 3 ndani ya saa moja, ikaachana nami. Nilikuja kushtuka asubuhi. Malipo 61 yalikuwa yamepita bila kuingia.

Jumatatu mhasibu akanipigia: "Kijana, mfumo wako unasema mama huyu anadaiwa, simu yake inasema amelipa. Nimwamini nani?" Mama mwenyewe alikuwa amesimama getini na sanduku la mtoto. Kwenye kikao, mwalimu mkuu akasema mbele ya wote afadhali turudi kwenye daftari. Neno lile bado linaniuma mpaka leo, sitaficha.

Usijidanganye kwamba mtumaji atarudia mpaka upokee. Kila mmoja ana utaratibu wake. Stripe hurudia hadi siku 3 kwa malipo halisi. GitHub ikishindwa kukufikishia ujumbe, haitumi tena yenyewe. Wa kwangu alivumilia saa moja. Kwa hiyo nikaweka kazi ya `cron` ninayoiita ufagio: kila dakika 10 inakwenda yenyewe kwa kampuni ya malipo, inaomba orodha ya miamala, na kuingiza ile ambayo webhuku haikuileta.

Rahisi kusema. Ufagio wangu wa kwanza ulizidisha matatizo.

Kila ujumbe wa webhuku ulikuja na namba ya tukio, nami nikaifanya namba hiyo kuwa kitambulisho cha kuzuia malipo yasiingie mara mbili. Lakini orodha ya miamala haina namba ya tukio. Ina namba ya kumbukumbu ya muamala, ile ile inayosomeka kwenye meseji ya mzazi. Usiku wa kwanza ufagio ulipita ukaona kila muamala ni mgeni, ukaingiza upya malipo ya siku nzima. Wanafunzi wakaonekana wamelipa mara mbili. (Safari hii hakuna mzazi aliyelalamika, kwa sababu unazoweza kuzielewa.)

Kwa hiyo chagua kitambulisho kinachopatikana kwenye njia zote mbili, kisha njia zote mbili zipite kwenye mlango mmoja. Mlango wangu ni huu:

```sql
INSERT INTO malipo (kumbukumbu, mwanafunzi, kiasi, chanzo)
VALUES ($1, $2, $3, $4)
ON CONFLICT (kumbukumbu) DO NOTHING;
```

Safu ya `kumbukumbu` lazima iwe na kizuizi cha `UNIQUE`, la sivyo Postgres itakataa amri yenyewe. Anayefika wa kwanza anaandika, wa pili anapita bila madhara. Angalizo moja: kampuni ninayofanya nayo kazi ikirudisha pesa kwa mlipaji, inafungua muamala mpya wenye namba yake. Kama ya kwako inabadilisha hali ya muamala ule ule, `DO NOTHING` haitakutosha. Itabidi ulinganishe muda wa mabadiliko ili ujumbe wa zamani uliochelewa usifute habari mpya.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu. Nilikuwa naomba miamala ya saa moja iliyopita tu. Umeme ukakatika ofisini kwa saa 6, na seva wakati huo ilikuwa chini ya meza yangu, ufagio nao ukiwa humo humo. Ulipoamka ukaomba saa moja, saa 5 zikabaki shimoni. Sasa ufagio una alama yake kwenye hifadhidata: muda wa muamala wa mwisho uliouona, kwa saa ya kampuni ya malipo na si ya seva yangu. Unaanzia kwenye alama hiyo, iwe ni ya dakika 10 zilizopita au ya juzi. Alama inasogezwa mbele baada ya kurasa zote za orodha kuingia salama. Kazi ikikatika ukurasa wa tatu, inaanza tena pale pale pa zamani.

Na usianzie kwenye alama kamili. Rudi nyuma kidogo. Muamala uliofanyika saa 3:58 unaweza kutokea kwenye orodha saa 4:05, wakati alama yako imeshafika saa 4 kamili, na hutauona tena maishani. Mimi narudi nyuma saa 2 kila mara. Karibu yote ninayoyapata hapo ni marudio, na mlango unayakataa.

Kuna na lile la UTC, ambalo sisi wa Afrika Mashariki tunaligonga kwa kichwa. Nilituma saa ya Dar es Salaam mahali palipotaka UTC, hivyo nikawa naomba miamala ya saa 3 zijazo. Jibu likaja orodha tupu, bila kosa lolote. Tupu ilionekana kama "hakuna kilichopotea". Wiki mbili nilitembea kifua mbele na ufagio usiofagia! Usiuamini ufagio wako kabla hujazima kipokezi cha webhuku kwa makusudi, ukalipa shilingi 1,000 kwa simu yako mwenyewe, na kuona imeingia bila kuguswa.

Vijana wengi mnaoniandikia mnaishia hapo. Msiishie hapo. Ufagio mzuri unaficha maradhi. Mwaka jana cheti cha usalama cha anwani yangu kiliisha muda, webhuku zote zikawa zinakataliwa, na kwa siku 9 ufagio ulibeba mzigo wote peke yake. Kilichoniamsha ni mzazi mmoja aliyesema risiti siku hizi zinachelewa. Ndiyo maana kuna ile safu ya `chanzo` kwenye amri hapo juu: kila mstari unasema umeletwa na webhuku au na ufagio. Kila asubuhi napokea meseji yenye idadi mbili. Siku ya kawaida ufagio una 0 au 1. Ukifika 5 kabla ya saa 6 mchana nafungua kompyuta, sisubiri mzazi. Ikiwa 0 kwenye pande zote mbili siku ya kazi, nafungua haraka zaidi.

Meseji ya Alhamisi ilisema webhuku 112, ufagio 38. Mhasibu alipiga simu siku hiyo hiyo, moyo ukanilipuka. Alitaka kujua kama naweza kumwongezea kitufe cha kuchapisha risiti mbili kwenye karatasi moja.