Noti ya elfu mbili kabla ya salamu

"Wakuu, natengeneza video fupi za kuweka akiba ila watu wanapita sekunde mbili tu za mwanzo. Mstari wa kwanza mnauandikaje?"

Mkuu, video yangu ya kwanza niliirekodi chumbani Nkuhungu, hapa Dodoma, nikaanza hivi: "Habari zenu, leo nataka tuongelee umuhimu wa kuweka akiba." Nilipofungua takwimu zake, mstari wa watazamaji ulikuwa umeporomoka kabla hata sijafika kwenye neno akiba. Umuhimu wa akiba kila mtu ameshausikia tangu shuleni.

Katikati ya video hiyohiyo nilikuwa nimeeleza nilivyolipa kodi. Chumba ni 60,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi mitatu kwa mkupuo, yaani 180,000. Nilitumbukiza elfu mbili kwenye kibubu kila jioni, siku 90. Nikaichukua sehemu hiyo nikaileta mbele: "Hii elfu mbili imenilipia kodi ya miezi mitatu." Nikarekodi upya, noti yenyewe nimeishika karibu na kamera, imekunjamana kama ilivyotoka mfukoni. Safari hii watu walikaa. Kila mpangaji anaijua presha ya kodi, na elfu mbili huenda anayo mfukoni saa hiyohiyo. Sasa anajiuliza elfu mbili inalipaje laki na themanini, na hapo lazima asubiri.

Ndiyo maana mstari wa kwanza huwa nauandika mwisho. Naandika maelezo yote, kisha natafuta ndani yake sentensi yenye hela ya kushikika na shida ambayo mtaani wanaijua. Naisoma kwa sauti huku nimewasha saa ya simu. Ikizidi sekunde tatu, naipunguza. Kiswahili kinarefuka haraka: "Kama wewe ni miongoni mwa watu ambao wanashindwa kuweka akiba" inamaliza muda wote na hujasema kitu. Pia naweka maandishi makubwa, "2,000 × siku 90", maana kwenye daladala mtu anatazama bila sauti.

Halafu angalia mstari wa watazamaji unaangukia wapi. Ukianguka sekunde ya kwanza au ya pili, rekebisha sentensi. Ukishikilia hadi ya tano ndipo uanguke, sentensi imefanya kazi yake, wewe umechelewa kutoa jibu. Hilo lilinipata mimi: baada ya mstari mzuri nilirudi kwenye salamu na jina la chaneli. Siku hizi sentensi yangu ya pili ni hesabu yenyewe, kibubu kikiwa mkononi.

Na kiasi kiwe cha kweli. Niliwahi kuanza na "Weka milioni moja kila mwezi", watu wakasimama kweli, lakini kwenye maoni wakaniita tapeli. Walikuwa na haki, mimi mwenyewe kipato changu hakifiki huko. Niliifuta.

Weka hapa maelezo ya video yako moja, tuitafute hiyo sentensi pamoja.