Pawabenki ya bure: ipime kwanza, isifu baadaye

Kwa mnaoanza kukagua bidhaa kwenye video, nitaeleza kazi hii kwa kutumia bidhaa moja tu, pawabenki. Nimeichagua kwa sababu huwaumbua wakaguzi wapya kuliko bidhaa nyingi ninazozijua: inaonekana rahisi kupima, kila mtu anayo, na wauzaji wake ni wepesi mno wa kutuma sampuli za bure.

Kwenye ganda pameandikwa 10,000 mAh. Mkaguzi mpya huchukua simu yake iliyoisha chaji, huichomeka, kisha huhesabu imejaa mara ngapi. Hapo anapima simu yake zaidi kuliko anavyoipima pawabenki. Simu inaendelea kula umeme wakati inachajiwa, sehemu ya umeme huo inapotea kama joto, betri yake imeshachakaa kwa kiasi ambacho mtazamaji hakijui, na ile asilimia ya kwenye kioo ni makadirio ya programu ya simu. Mwenye simu nyingine akirudia jaribio hilo hilo, atapata jibu jingine.

Anayepiga hatua moja mbele hununua mita ya USB, kile kidude kidogo kinachokaa kati ya pawabenki na waya na kuonyesha volti, ampea, mAh na Wh. Anamaliza jaribio, mita inasoma 6,300 mAh, na kichwa cha video kinapatikana papo hapo: "Tumeibiwa!" Huenda hajaibiwa chochote. Namba ya kwenye ganda kwa kawaida huhesabiwa kwa volti ya seli zilizomo ndani, ambayo ni takriban 3.7. Tundu la USB kwa kawaida hutoa volti 5, kwa hiyo mzunguko wa ndani lazima upandishe volti, na volti ikipanda mAh hushuka. Kutaja mAh bila volti ni kama kutaja bei bila kutaja sarafu.

Dawa yake ni kuhesabu kwa Wh, yaani nishati yenyewe. Zidisha 10,000 mAh kwa volti 3.7, ugawe kwa 1,000, unapata 37 Wh. Hiyo ndiyo ahadi ya ganda. Zile 6,300 mAh kwa volti 5 ni 31.5 Wh, sawa na asilimia 85 ya ahadi. Hilo ni jibu zuri, kwa kuwa kupandisha volti hakukosi kupoteza umeme kidogo kama joto. Pawabenki hiyo hiyo ikichaji kwa volti 9 itasoma kama 3,500 mAh, na bado ni nzima. Lakini ukiona nyingine ya 10,000 mAh imetoa 17 Wh tu, chini ya nusu ya ahadi, hapo upotevu wa kawaida hautoshi kuwa maelezo. Tazama pia maandishi madogo ya mgongoni: watengenezaji wengi huandika uwezo wa pili, mdogo zaidi, pamoja na volti yake. Ukilaumu bidhaa kwa namba ambayo mtengenezaji mwenyewe ameiandika wazi, umemwonea.

Sasa jaribio lenyewe. Usitumie simu. Tumia mzigo wa kupimia, kifaa kinachovuta umeme kwa kiwango kile kile bila kubadilika. Mimi huuweka kwenye ampea 2 kwa volti 5, yaani wati 10. Mzigo mdogo sana huwa na tabu yake: pawabenki nyingi hudhani hakuna kilichochomekwa, zikajizima katikati ya jaribio. Jaza pawabenki mpaka yenyewe iache kuvuta umeme, iache itulie kwa saa moja, rudisha mita kwenye sifuri, kisha vuta mpaka ikate. Kwa 31 Wh na wati 10, ni kama saa tatu. Chomeka mita moja kwa moja kwenye tundu, waya uje baada yake. Waya wenye ukinzani wa omu 0.2 hula volti 0.4 kwa ampea 2, na ukiiweka mita upande wa pili utaihukumu pawabenki kwa kosa la waya. Chumba nacho kiwe na joto lile lile kila mara, maana betri ya lithiamu iliyopoa hutoa kidogo kuliko yenye joto la kawaida.

Kila pawabenki ipimwe mara tatu. Si kwa ajili ya kupata wastani tu. Unataka kujua namba zako zinayumba kiasi gani. Tuseme bidhaa moja imetoa 31.2, 31.6 na 30.9, na nyingine 31.8, 31.1 na 31.5. Wa pili amemzidi wa kwanza kwa wastani, lakini tofauti kati yao ni ndogo kuliko myumbo wa kila mmoja peke yake. Hapo hakuna mshindi. Sema kwenye video kwamba zimelingana, hata kama kijipicha cha video kingependeza zaidi kikiwa na mshindi na mshindwa. Kwa maoni yangu, wakaguzi wanaokubali kusema "zimelingana" ni wachache mno, na ndio ninaowaamini.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza: weka pawabenki moja ya kwako, isiyo ya muuzaji yeyote, iwe kipimo cha rejea. Kila unapoanza kundi jipya la majaribio, anza na hiyo. Ikiwa mwezi uliopita ilitoa 30 Wh na leo imetoa 27, usiendelee. Kuna kitu kimebadilika: mita, mzigo, joto la chumba, au yenyewe imechakaa. Rejea hii pia inakusaidia kujua mipaka ya maneno yako. Mita ya bei nafuu inaweza kukosea kidogo, lakini ikikosea kwa namna ile ile kwa bidhaa zote, kauli kwamba "hii imetoa zaidi kuliko ile" inabaki sahihi. Kauli kwamba "hii imetoa 31.5 kamili" ndiyo inayohitaji mita iliyohakikiwa.

Andika utaratibu huu wote, pamoja na kiwango utakachokiita cha kuridhisha, kabla sampuli haijafika. Ukishaishika mkononi, ukaona boksi zuri na barua yenye jina lako, utaanza kutafuta kiwango kinachoifaa.

Tukija kwenye sampuli, tatizo la kwanza ni kwamba muuzaji ndiye aliyechagua kipande hicho. Anaweza kuwa amekipima kabla ya kukutumia, au amekutumia toleo la mwanzo ambalo dukani halipo tena. Niliwahi kupokea pawabenki ya 10,000 mAh iliyotoa 33 Wh, asilimia 89 ya ahadi. Nikanunua nyingine ya aina ile ile dukani, kwa jina lisilohusiana na chaneli yangu. Ikatoa 27, asilimia 73. Nikarudia zote mbili kwa waya ule ule, na rejea ikiwa mahali pake: tofauti haikuondoka. Kisha nikaziweka kwenye mizani ya jikoni. Ile ya dukani ilikuwa nyepesi kwa gramu 18. Vifaa viwili vya aina moja hutofautiana kwa gramu chache tu, na katika pawabenki uzito mwingi ni wa seli, kwa hiyo mizani ilitilia nguvu kile ambacho mita ilikuwa imeshasema. Haikuthibitisha sababu. Huenda seli zilibadilishwa kiwandani baada ya sampuli kuondoka, na sikuwa na njia ya kujua kama ni hila au mabadiliko ya kawaida. Wala usipasue ganda kutafuta jibu. Seli ya lithiamu ikitobolewa inaweza kushika moto.

Nilimwandikia muuzaji namba zote na jinsi nilivyozipata, nikampa siku tano ajibu. Sikumpelekea video. Mpe matokeo ili aweze kukusahihisha kama umekosea jambo, lakini ukimpa video ataanza kuomba sentensi hii ilainishwe na ile iondolewe. Alijibu kwamba atanitumia nyingine "iliyo sawa". Nilimshukuru, nikakataa, nikamwambia kama kasoro imerekebishwa nitanunua tena dukani baadaye. Kwenye video nilionyesha namba zote mbili, nikasoma jibu lake neno kwa neno, na hukumu yangu ikafuata kile kipande cha dukani, kwa sababu ndicho mtazamaji atakachokipata. Neno "utapeli" sikulitumia. Nilichokuwa nacho ni vipande viwili vyenye tofauti, basi nikasema hivyo.

Masharti haya yaandike kwenye jibu lako la kwanza, kabla hujatoa anwani ya kutumiwa. Langu ni fupi: "Nikipokea, siahidi kutoa video wala tarehe. Hutaiona kabla ya watazamaji. Nitasema wazi kwamba umenitumia bure. Ukitaka irudishwe baada ya majaribio, nitairudisha." Baadhi yao hawajibu tena, na umeokoa muda. Jihadhari zaidi na anayesema "tuma maoni mazuri, nasi tutakurudishia pesa." Hiyo si sampuli, hayo ni malipo ya sifa. Kwa Marekani, kanuni ya FTC, tume ya serikali inayolinda wateja, iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza biashara kutoa malipo kwa sharti kwamba maoni yawe ya upande fulani.

Kuhusu kutangaza, sema kwa mdomo ndani ya nusu dakika ya kwanza, na maandishi yaonekane kwenye kioo wakati unasema. Usiyafiche kwenye maelezo ya chini ya video, kwa sababu watazamaji wengi hawayafungui. Taja nani ametuma, kama unabaki nayo, kama aliiona video kabla, na kama viungo ulivyoweka vinakupa kamisheni. YouTube ina kisanduku cha kutia alama, na ukikitia mtazamaji huona maneno "Includes paid promotion" mwanzoni, lakini hayamwelezi ulipewa nini wala kwa masharti gani. Hayo useme mwenyewe.

Sampuli usiiuze. Ukiiuza, kila sampuli inayofuata inakuwa mshahara, na wanaotuma watalijua hilo haraka kuliko watazamaji wako. Mimi hubaki na zile ambazo muuzaji hazitaki tena, nazichaji na kuzimaliza kwa miezi kadhaa, kisha nazipima upya kwa mzigo ule ule, kwa kuwa pawabenki nzuri siku ya kwanza inaweza kuwa hovyo baada ya mwaka. Namba mpya huziweka kwenye maoni yaliyobandikwa juu chini ya video ya zamani, zikiwa na tarehe. Zinazosubiri zamu yake huzihifadhi zikiwa na nusu ya chaji, mbali na joto, kwa sababu betri ya lithiamu iliyojaa na kukaa kwenye joto huchakaa hata bila kutumika, na nisingependa kuilaumu kwa uchakavu nilioutengeneza mimi kwenye kabati.