Ajenda ndani ya mwaliko wa kikao: yaliyotukuta kwenye kikao cha magunia

"Wakuu habari za mchana. Nimepewa ukatibu wa kamati huku Nachingwea. Kila nikiita kikao watu wanakuja mikono mitupu, nusu ya muda tunaulizana tumeitiwa nini. Mwaliko uandikweje?"

Mkuu mimi niko Newala, katibu wa chama cha msingi cha korosho, huu msimu wa nne. Mwaka wa kwanza mwezi wa nane nikatuma kwenye grupu "Kikao cha bodi Alhamisi saa 4 asubuhi, ajenda magunia, msikose". Wakaja wote. Mwenyekiti anauliza magunia matupu ya kufungia korosho yamebaki mangapi, mtunza ghala anasema leja kaiacha ghalani, mhasibu yeye alielewa ni deni la magunia la mwaka jana kwahiyo kabeba mafaili ya madeni, na kuna mjumbe alijua siku hiyo tunagawa kabisa akaacha kazi shambani akapanda boda. Neno moja, kila mtu kalisoma kivyake. Tukakaa masaa mawili tukaondoka bila uamuzi, wiki ya pili watu nauli tena.

Kilichonisaidia ni kuacha kuandika jina la jambo, naandika swali linalotakiwa kujibiwa. Msimu uliofuata nilituma hivi:

Kikao cha bodi KUAMUA idadi ya magunia, Alhamisi saa 4 hadi 5 na nusu asubuhi, ofisini.
Tukitoka hapo tuwe na idadi moja ya kupeleka chama kikuu.
1. Yamebaki magunia mazima mangapi? Taarifa, mtunza ghala, dakika 10.
2. Msimu huu tuombe mangapi? Kuamua, wote, dakika 45.
3. Nani atapokea mzigo na kusaini? Kuamua, mwenyekiti, dakika 15.
Maandalizi: mtunza ghala ahesabu Jumatano, aje na leja. Mhasibu aje na jumla ya kilo za msimu uliopita. Kila mjumbe aangalie maua ya mikorosho kijijini kwake yamekaaje.
Mwenye la kuongeza anipigie kabla ya Jumanne jioni.

Angalia siku yenyewe ilivyokwenda. Mhasibu kaja na kilo 240,000, gunia moja sisi tunahesabu kilo 80 basi hapo ni magunia 3,000. Mtunza ghala kahesabu mazima 700, zinabaki 2,300. Wajumbe wa vijiji viwili wakasema maua yameungua na ugonjwa wa ubwiriunga, tukabishana kidogo tukapunguza 300, tukaandika 2,000. Saa 5 na robo tushamaliza. Ile namba haikutoka kwa mtu mmoja, ilitoka kwenye vitu vitatu ambavyo watu watatu tofauti walitakiwa kuja navyo, na kimoja kingekosekana tungerudi kulekule.

Sasa mstari wa kwanza upe uzito maana simu ikilia mtu anaona huo tu juu ya kioo, ukianza na salamu ndefu na "rejea kichwa cha habari hapo juu" ushampoteza. Na usiiweke ajenda kwenye PDF, mtu akiwa hana bando hafungui, iandike humohumo kwenye meseji. Maneno "taarifa" na "kuamua" usiyaache, bila hayo taarifa ya dakika 10 inageuka mjadala wa saa nzima. Dakika nilizoweka jumla ni 70 ila kikao nimekipa 90, hizo 20 ni za wachelewaji na kufungua.

Tuma siku nne au tano kabla, kwasababu mtu wa kwenda kuhesabu ghalani anahitaji siku ya kazi katikati. Jioni ya kuamkia kikao rudia mstari wa maandalizi peke yake.

"Mengineyo" mimi nimeitoa. Watu walikuwa wanaficha humo hoja kubwa, inaibuka mmechoka na hakuna aliyejiandaa, ndo maana nimeweka ule mstari wa kunipigia.

Kitu kimoja uwe makini nacho sana, kama jambo linamgusa mtu, mfano upotevu wa mzigo, jina lake lisikae kwenye grupu. Andika "suala la utumishi", yeye mfuate ana kwa ana umwambie ataulizwa nini ili naye ajiandae kujibu. Na mkutano mkuu wa wanachama ni habari nyingine, kule taarifa na siku zake zinafuata masharti ya chama, usitumie hii ya meseji.

Kabla hujatuma msomee mjumbe mmoja kwa simu halafu muulize "Alhamisi utakuja na nini?" Akikujibu daftari na kalamu, rudi uandike upya mstari wa maandalizi.