Pesa yenye tarehe

"Mama, huku Emarati dirhamu imesimama kwenye shilingi 35. Nitume akiba yote sasa nikamate kile kiwanja cha Ganda na nianze msingi, au ningoje irudi 43 kama mwaka ule?"

Mwanangu,

Mimi kwanza nataka kujua kama mkataba umeshatiwa saini. Siku utakayotia saini, akiba yako itagawika mara mbili, utake usitake: pesa yenye tarehe ya mwisho ya kulipwa na pesa isiyo na tarehe. Na pesa yenye tarehe haichezewi. Najua umelichoka neno hili, dada yako huniigiza hata sauti nikilisema, lakini yeye hakuwapo kwa wakili siku ile.

Habari ya mjomba wako na shamba la Mambrui unaijua kama anavyoihadithia mwenyewe. Hati yake ya uwakili nilikuwa nayo mimi, na hesabu ninazo mimi. Januari 2024 alikubaliana na mwenye shamba shilingi 1,800,000. Akatoa arubuni ya asilimia kumi, yaani 180,000, na mkataba ukasema salio la 1,620,000 limalizwe ndani ya siku 90. Huko kwake alikuwa na dirhamu 39,000 zimelala benki. Dirhamu wakati ule ilikuwa 43 na nusu hivi, kwa hiyo salio lote lilikuwa kama dirhamu 37,200, na baki ingetosha ushuru wa stempu. Nikamwambia, tuma. Akanijibu, "Dada, ngoja kidogo, inakwenda 50." Wala si yeye peke yake. Mji mzima ulikuwa ukisema dola itafika 200, na anayesema vingine alionekana hajui mambo.

Februari serikali ikakopa dola bilioni 1.5 kwa Yurobondi mpya ili ilipe sehemu kubwa ya ile ya bilioni 2 iliyokuwa inaiva Juni. Watu walikuwa wakihofu Kenya itashindwa kulipa. Hofu ilipoondoka, waliokuwa wameficha dola wakazimwaga sokoni, na dola ikatoka 160 ikawa 130 na ushei mwisho wa Machi. Dirhamu nayo imefungwa kwa dola, 3.6725 kwa dola moja, haina njia yake yenyewe. Ikashuka hadi 36. Salio lilelile, ambalo bei yake kwa shilingi haikusogea hata senti, sasa lilitaka dirhamu 45,000. Mjomba wako hana. Hata hapo alikataa kutuma alizonazo, akisema itarudi tu.

Ikaja notisi. Kijana wa wakili wa muuzaji alinisukumia ile barua mezani kwa vidole viwili, kisha akaniuliza kama nitakunywa maji. Adabu ile ndiyo iliyoniuma zaidi. Arubuni ikaliwa, shamba likauzwa kwa mtu mwingine, na ule mwembe wa mpakani wameukata.

Angalikata salio mafungu matatu ya 540,000, la kwanza juma la saini kwa 43 na nusu, la pili Februari inakoisha kwa 39 na nusu, la tatu mwisho wa Machi kwa 36, angalitumia dirhamu 41,000 na kidogo. Angalipungukiwa na elfu mbili, mshahara ungeziba. Mafungu hayakupi bei nzuri kuliko zote. Yanakuzuia usipate mbaya kuliko zote siku ambayo huna pa kukimbilia. Na mtu ambaye siku ya saini tayari ana za kutosha salio zima, kama alivyokuwa yeye, mimi simwoni ana haja hata ya mafungu. Pesa yenye tarehe haichezewi.

Lakini nisimwonee ndugu yangu. Mapema 2021 dola ilikuwa 110, mwisho wa 2023 ilikuwa 156. Waliongoja miaka ile walipata, na yeye alikuwa mmoja wao. Kungoja alifundishwa na faida. Ingalifika 200 kweli, leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine kuhusu akili za mjomba wako. Ila hata faida ile usiipime kwa shilingi tupu. Shilingi ikianguka, nondo na saruji nazo hupanda, maana chuma kinatoka nje. Mawe ya matumbawe ya hapa kwetu na ujira wa fundi huchelewa kuifuata dola. Kwa hiyo dirhamu ikipanda, anayefaidi hasa ni yule anayenunua mawe na kulipa mafundi.

Hapo ndipo zilipo pesa zako za kujengea, ambazo hazina tarehe. Hizo ngoja utakavyo. Tuma kwa hatua: msingi, kisha kuta mpaka linta, kisha paa, na kila hatua fundi aipime kwanza, utume ya hatua hiyo. Ikitokea dirhamu imepanda ghafla na hatua haijafika, nunua mawe, yapangwe kiwanjani, jua na mvua haviyadhuru. Saruji usinunue ya kuweka. Kwa unyevu wa pwani hii mfuko huanza kuganda pembeni. Ukiubonyeza ukakuta madonge yasiyovunjika kwa vidole, huo umekwisha. Nondo nazo hula kutu kwa upepo wa chumvi.

Na usizirundike kwangu. Si kwamba nitazila. Zikijulikana zipo, kutakuwa na arusi, kutakuwa na ada ya mtoto wa fulani, na mimi kukataa sijui. Halafu M-Pesa haishiki zaidi ya 500,000, na kwa mara moja hutumi zaidi ya 250,000. Fungua akaunti ya dola hapa kwa jina lako. Kwa kuwa dirhamu na dola zimefungana, kuzihamisha mapema hakukupotezei kwa kupanda na kushuka, ila kile ambacho wabadilishaji wanakata. Utageuza shilingi hatua ikifika. Ukilinganisha wa kutumia, usiangalie bei iliyoandikwa ukutani. Uliza, nikikupa dirhamu elfu kumi, Malindi zinaingia shilingi ngapi?

Sasa unataka niseme, ununue kwa 35 au usinunue. Sisemi. Mwenye kuamka alfajiri kwenda kazini ni wewe. Ila kama kiwanja unakitaka kwa bei ya shilingi iliyotajwa, na dirhamu za kukilipa zote unazo leo kwa 35, basi... nimesema sisemi.

Hiki nakisema. Ganda kiwanja kikiwa bado kinahesabiwa shamba, lazima kibali cha bodi ya ardhi, na bila kibali mauzo ni batili hata ukiwa umelipa yote. Kibali huombwa ndani ya miezi sita tangu mkataba. Mwambie wakili aandike kwamba siku 90 zianze kuhesabiwa kibali kikitoka, si siku ya saini. Nitumie namba ya hati, nikaitafute masjala kama ina rehani au zuio, kabla hujatoa hata hiyo arubuni.

Mama yako